Goita iliyoshuka kifuani, na kwa nini sikunywa dawa ya mionzi

Goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, nilikuwa nayo tangu nasoma, haiumi, kwa hiyo sikuijali mpaka mwaka ule nikawa nikianika nguo uani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, nikinyanyua tu mikono kufikia kamba uso unajaa damu na pumzi inakata. Ugali nausukuma kwa maji, kulala chali siwezi, lazima mito.

Daktari wala hakuanza na mashine. Alinambia, "Mama, nyanyua mikono yote miwili, ibane na masikio, kaa hivyo hivyo." Dakika haijaisha uso umeiva na nafanya mluzi nikivuta hewa. Akasema tezi imeshuka nyuma ya mfupa wa kifua, mikono ikipanda pale juu panabana zaidi, damu ya kichwani inakosa njia ya kushuka. Siti skani ikaonyesha vinundu vingi, umio umesukumwa pembeni na njia ya hewa imebaki milimita 6 pale pembamba, wakati mtu mzima kwa kawaida anazidi 10. Homoni kwenye damu zilikuwa sawa kabisa, maana tezi inaweza kufanya kazi vizuri na bado ikakunyonga.

Kaka yangu akashikilia, "Dada, kisu cha nini, nenda Dar ukanywe iodini ya mionzi yaishe." Na mimi roho yangu ilikuwa hukohuko, nasoma maulidi, naogopa kupoteza sauti. Daktari akatueleza taratibu, iodini ile inaingia kwenye tezi na kuua seli zake kidogo kidogo, goita kubwa inaweza kupungua karibu nusu lakini inachukua mwaka hadi miwili, vinundu visivyonyonya iodini vinabaki, halafu siku za mwanzo tezi inaweza kuvimba kwanza. "Milimita 6 hazina pa kuvimbia," alisema. Angekuwa mzee mwenye moyo mbovu asiyehimili usingizi wa opareshini angempa mionzi pamoja na dawa za kuzuia uvimbe, ila mimi nilikuwa na nguvu zangu. Hapo kaka akanyamaza.

Hatari za kisu hakunificha: neva za sauti zinapita nyuma ya tezi, na vitezi vidogo vinavyolinda kalsiamu vimeshikana nayo. Nikasaini.

Walitoa tezi yote kwa kupitia shingoni, kifua hawakupasua. Kesho yake midomo na ncha za vidole zikaanza kuchoma kama sisimizi, nikamwita nesi haraka maana nilishaambiwa hiyo ni kalsiamu imeshuka, wakaniwekea ya mshipani kisha vidonge. Sauti ilikwaruza kwa muda, ikarudi, ila zile za juu sizifikii tena, sasa naitikia tu wenzangu wakisoma. Maabara hawakukuta kansa. Levothairoksini, kidonge cha homoni badala ya ile ya tezi iliyotolewa, nameza kila alfajiri tumbo tupu, chai nasubiri nusu saa au zaidi, na vidonge vya kalsiamu naviweka mbali na dawa hiyo kwa muda wa saa nne maana vinaizuia isiingie mwilini.