Mteja wa saa kumi na mbili

Mwaka ule nilikuwa nafanya udalali wa nyumba kuanzia Goba hadi Madale. Nyumba iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya mzee mmoja anayeishi Mwanza: vyumba vitatu, uzio mrefu, geti la bluu, kodi laki sita kwa mwezi, naye alitaka ya miezi sita kwa mpigo. Dalali analipwa kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo kila simu iliyoulizia nyumba ile niliipokea kwa adabu zote.

Huyu kaka alipiga siku ya Jumatano, mwezi wa sita.

"Dada, nimeona tangazo lako. Leo saa kumi na mbili jioni nitakuwa nimetoka kazini. Nikupitie hapo stendi, nikupakie twende wote."

Mwezi wa sita Dar jua linazama kama saa kumi na mbili na robo, na likishazama giza halichelewi. Nyumba tupu nayo haina uniti za LUKU, maana hakuna wa kuzinunua. Nikamwambia, "Kaka, umeme hakuna, utaona nini?" Akacheka, akasema ana tochi ya simu. Hapo nikaanza kumwangalia kwa jicho jingine. Mtu anayejiandaa kutoa milioni tatu na laki sita hakagui ukuta kwa tochi ya simu. Anataka kuona nyufa, anataka kujua maji yanatoka, anataka kuona barabara ikinyesha inakuwaje.

Nikampa Jumamosi saa nne asubuhi. Muda huo sikuuchagua kwa kubahatisha. Katikati ya wiki mitaa ile mchana inakuwa kimya, watu wako makazini na watoto shuleni, unaweza kupiga kelele akakusikia mbwa tu. Jumapili asubuhi majirani wengi wako kanisani. Jumamosi saa nne watu wanafua nje, mafundi wanagonga mabati, duka liko wazi, na bodaboda wamejaa kijiweni. Kuhusu kupakiwa kwenye gari lake nilisema nina usafiri wangu, tukutane getini. Wakati ule bodaboda wangu nilikuwa nimeshamzoea. Nilimlipa kwenda, kusubiri na kurudi, akae pale pale nje mpaka nitoke.

Kisha nikamwomba atume elfu kumi ya kuonyeshwa nyumba, na aitume kwa simu, sio taslimu siku ya kuja. Wateja wengi wanaona ni tamaa ya madalali, na kweli wapo madalali wanaoishi kwa hela hiyo bila hata kuwa na nyumba. Lakini mimi nilichokitaka ni ujumbe wa muamala, kwa sababu unakuja na jina lililosajiliwa kwenye laini. Laini zetu zinasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa na alama za vidole, kwa hiyo lile jina lina mtu nyuma yake, hata kama siye unayeongea naye.

Aligoma siku nzima. Alhamisi hela ikaingia, na jina lilikuwa la mwanamke. Nilipouliza akasema ni laini ya shemeji yake. Inawezekana. Nusu ya mji huu tunatumia laini za ndugu. Sikufuta miadi, ila nilimtumia mdogo wangu namba zote mbili, aliyonipigia nayo na iliyotuma hela, pamoja na lile jina. Jina alilokutajia mtu mwenyewe peke yake halina uzito. Kule London, Julai 1986, dalali mmoja kijana, Suzy Lamplugh, alitoka ofisini mchana kwenda kumwonyesha mteja nyumba. Kwenye shajara yake alikuwa ameandika "Mr Kipper", anwani, na muda: saa sita na dakika arobaini na tano. Hajaonekana hadi leo, na mtu wa jina hilo hakupatikana. Ilikuwa mchana kweupe, kwa hiyo muda mzuri hautoshi bila mtu kujua uko na nani.

Jumamosi, kabla sijapanda pikipiki, nilimwashia mdogo wangu eneo la moja kwa moja kwenye WhatsApp. Inakupa dakika 15, saa 1 au saa 8. Mimi nachukua saa 1, kwa sababu dakika 15 zinaisha hujafika, na saa 8 zinaendelea hata ukiwa umesharudi nyumbani unapika, mwisho yule anayekufuatilia anazoea na kuacha kuangalia. Ubaya wake ni kwamba bando likiisha au simu ikizimwa, alama inabaki pale ilipokuwa mara ya mwisho, na anayeangalia anaweza kudhani umetulia tu. Kwa hiyo naye anatazama imesasishwa lini. Juu ya hapo nilimwandikia kwa meseji ya kawaida: Madale, geti la bluu, mkabala na duka la dawa, maana ramani kule ina tabia ya kukuweka kwenye kiwanja cha jirani. Tukapatana anipigie saa nne na nusu. Nikimuuliza "ile bahasha ya kijani umeiona?" ajue mambo si mazuri, ampigie mjumbe, kisha polisi 112.

Nilifika mapema. Nilimsalimia mama wa duka la dawa, nikamwambia kuna mgeni anakuja kuangalia nyumba. Nikafungua geti nikaliacha wazi kabisa, na kufuli nikalitia mkobani. Kufuli ukiliacha linaning'inia na ufunguo wake, mtu yeyote anaweza kulifunga wewe ukiwa ndani.

Alikuja na wenzake wawili ambao hakuwataja. Nikampigia picha namba ya gari kwa mbali, nikijifanya napiga picha ya geti. Mlango wa nyumba nilikuwa nimeshaufungua, nikasema, "Karibuni, tazameni kwa nafasi," nikabaki barazani. Mteja ndiye anayetangulia chumbani, na mimi siingii vyumba vya nyuma kabisa.

Hawakufungua bomba hata moja. Hawakuuliza kama LUKU ni ya peke yake, wala mwenye nyumba anapunguza kodi kiasi gani. Waliuliza kama mzee anakuja Dar mara kwa mara, kama jirani wa nyuma anakaa mtu, na funguo nyingine anazo nani. Kisha yule kaka akaita kutoka chumba kikubwa, "Dada, njoo utuonyeshe huku chooni, mbona kama panavuja?"

"Panavuja wapi kaka, maji yamefungwa tangu wapangaji watoke."

Akaita tena. Simu ikalia, ilikuwa saa nne na nusu. Nikaongea kwa sauti huku natembea kwenda getini: "Ndiyo, niko nao hapa, yule bodaboda yuko nje. Ile bahasha ya kijani umeiona?"

Wakatoka. Sijui kama ni simu iliyowatoa au walikuwa wamemaliza. Mmoja akasema nyumba ni ndogo, wakaingia kwenye gari. Mjumbe alifika dakika chache baadaye, akiwa na kandambili na fimbo. Nikampa shikamoo na kumwomba radhi kwa usumbufu, akasema bora kuja bure kuliko kuja kuchelewa.

Zile namba na picha ya gari niliwarushia madalali wenzangu wa Goba na Salasala. Mmoja akanijibu usiku kwamba namba hiyo ilishampigia wiki iliyopita, ikitaka kuonyeshwa nyumba tupu jioni. Alimwambia aje asubuhi, na hakutokea.