Jinsi -takapo- ilivyonitatulia "cuando" ya Kihispania

Nilipojifunza subhuntivo ya Kihispania, umbo la kitenzi la jambo linalotakwa au ambalo bado halijatokea, "Quiero que vengas" haikunisumbua: ni "nataka uje" tu, na sisi tuna -e yetu mwishoni. Kilichonitesa ni cuando, yaani "wakati ambapo". Nilimwandikia mwenye nyumba Valencia, "Cuando llego, te llamo," nikimaanisha nitampigia nikifika jioni ile. Akajibu, "¿Siempre?" Yaani, kila ukifika?

Dawa ilikuwa kwenye Kiswahili chenyewe. Sasa naisema sentensi kimoyomoyo kwanza, kisha naangalia kitenzi. Kikija "ninapofika", ni mazoea: cuando llego. "Nilipofika", limekwisha: cuando llegué. Kikija "nitakapofika", jambo bado halijatokea, na hapo ndipo subhuntivo inapoingia: cuando llegue, te llamaré. Umbo lake nalitoa kwenye llego: naondoa o, naweka e, na katikati naongeza u, la sivyo g itasomeka kama kh.

Nilinaswa tena mara moja, kwenye cuándo yenye alama juu. Hiyo ni "lini". "Sijui atafika lini" haina -po- popote, kwa hiyo subhuntivo haihitajiki: No sé cuándo llegará.