Nilivyobana tangazo la fundi wa sare ndani ya sekunde 15

Ushauri unaozagaa kuhusu tangazo la sekunde 15 ni kwamba andika maneno 35 hadi 40. Ushauri huo unanikera, maana hesabu yake ni ya Kiingereza, na watu wanaichukua hivyo hivyo. Maneno yetu ni marefu. "Tunakutengenezea" ni neno moja, lakini mdomo unapiga silabi nane kulitamka. Mimi nahesabu silabi. Msomaji anayesikika vizuri, bila kukimbia, hutoa kama tano kwa sekunde, na nukta ya mwisho inahitaji pumzi. Kwa hiyo kikomo changu ni silabi 70 hadi 75, ambazo kwa kawaida ni maneno 28 hadi 30.

Nachukua kazi ya fundi wa sare za shule wa Mbagala, tangazo la video la kulipia la Instagram na Facebook. Rasimu aliyokuja nayo ilikuwa hii:

"Karibuni sana dukani kwetu Mbagala Rangi Tatu. Tunashona sare za shule, suti, vitenge, mapazia na nguo za harusi. Huduma bora, bei nafuu. Punguzo asilimia kumi kwa sare, ishirini kwa mapazia. Wahi sasa, ofa ni ya muda mfupi!" Kisha namba ya simu.

Maneno 37, yaani yamo ndani ya ule ushauri. Silabi ni 88, na namba ya simu ya tarakimu kumi inaongeza zaidi ya 20. Ukiisoma kwa mwendo wa kibinadamu inagonga sekunde 22. Ndiyo maana matangazo mengi yanasomwa kama mtu anayefukuzwa, halafu lawama zinamwangukia msomaji.

Nilianza kukata kwa kuuliza kila kipande kinamwambia nani. "Karibuni sana" hakimwambii yeyote. Mahali niliondoa kwenye sauti kwa sababu tangazo la kulipia unalielekeza mwenyewe: unachagua eneo, kilomita chache kuzunguka duka, hivyo anayeliona tayari yuko jirani. Jina la mtaa linatosha kuandikwa kwenye maelezo chini ya video. "Huduma bora, bei nafuu" kila duka linasema, na hata duka bovu lina haki ya kusema hivyo.

Suti, vitenge na mapazia ndivyo vilivyoleta ubishi, kwa kuwa mwenye duka huona ukitaja kitu kimoja unafukuza wateja wengine. Lakini mtu anayetafuta mapazia na mzazi anayetafuta sare hawana haraka moja wala swali moja. Tulichagua mzazi wa mtoto anayeingia darasa la kwanza. Huyu hana sare ya mwaka jana ya kuongeza pindo. Lazima anunue, na lazima iwe kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Punguzo la asilimia kumi lilitoka pia. Asilimia kumi ya nini? Asiyejua bei ya awali hawezi kuhesabu alichookoa. Bei kamili inaeleweka papo hapo, ila iwe bei inayotamkika. Fundi alitaka 39,900 kwa jozi mbili. "Elfu thelathini na tisa na mia tisa" ni silabi 14, "elfu arobaini" ni saba. Ile shilingi mia inayopunguzwa inakula sekunde nzima na zaidi. Kwenye kibandiko cha dukani bei ya namna hiyo inafanya kazi, kwenye sauti inakuharibia.

Sehemu iliyochukua muda ni sababu ya kuchukua hatua. "Wahi sasa" si sababu, ni amri. Sababu ya kweli huwa imelala ndani ya kazi yenyewe, na hapa ilikuwa kwenye daftari la oda. Mafundi watatu, kila mmoja anatoa jozi tano kwa siku, jumla 15. Katika siku 20 za kazi kabla ya shule kufunguliwa hizo ni jozi 300, yaani watoto 150 wa jozi mbili mbili. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua, toa Jumapili na sikukuu, unaangukia karibu na tarehe 10 Desemba. Tarehe hiyo haikubuniwa ili kutisha watu. Mzazi akiuliza kwa nini, fundi ana jibu.

Maandishi yaliyobaki ni haya:

"Mwanao anaanza darasa la kwanza Januari? Sare jozi mbili za kipimo chake: elfu arobaini. Mwisho wa vipimo ni Desemba kumi. Baada ya hapo mashine zimejaa. Bonyeza hapa, tuma neno SARE."

Maneno 30, silabi 72. Swali la mwanzo linachukua sekunde tatu na ushee, ofa karibu nne, sababu tano, hatua mbili. Sababu imepewa nafasi kubwa kuliko ofa, na nilikusudia hivyo: bei inasomwa pia kwenye skrini, lakini "mashine zimejaa" inahitaji sauti ya mtu. Namba ya simu haisomwi kabisa, kwa kuwa kitufe kinafungua WhatsApp chenyewe. Neno SARE unaliweka tayari kama ujumbe wa kuanzia, hivyo mteja anagusa tu kutuma, nawe unajua ametoka kwenye tangazo.

Wengi wataitazama bila sauti, kwa hiyo picha nayo ibebe mambo yale yale. Sekunde ya kwanza: futi ya fundi ikitandazwa kwenye bega la mtoto, karibu kabisa, hadi tarakimu zinasomeka. Usianze na nembo. Ofa inapotajwa, shati jeupe na kaptula ya bluu juu ya meza, na maandishi "JOZI 2 – 40,000". Kisha "MWISHO 10 DESEMBA" juu ya mashine inayoshona. Video iwe ya wima, na maandishi yakae katikati. Theluthi ya chini hufunikwa na jina la akaunti na vitufe. Simu ya kawaida mchana karibu na dirisha inatosha. Gharama ni nauli na elfu kadhaa za msomaji, hela kubwa iende kwenye kulipia tangazo.

Kabla ya kurekodi, mpe mtu asiyelijua tangazo alisome kwa sauti mara moja huku simu ikihesabu. Akipita sekunde 15, kata neno, usimwambie aharakishe.

Likishaanza kuonekana, maswali yanayoingia yanakuonyesha palipovuja. Wakiuliza "bei gani?", bei haijakaa muda wa kutosha kwenye skrini. Wakiuliza "mnashona suti?", sentensi ya kwanza haijachuja watu. Wakiandika SARE halafu wakanyamaza, kosa si la maandishi: aliyeshika simu amechelewa kujibu, au ameanza na salamu ndefu badala ya kuuliza mtoto aje kupimwa lini.

Weka tarehe ya kuzima tangazo siku ile ile unapolianzisha, usiku wa tarehe 10. Tarehe 12 likiendelea kuonekana, mzazi aliyelipa mapema atajua mwisho haukuwa mwisho. Kama mashine zina nafasi baada ya hapo, andika jingine la masweta, lenye bei yake na tarehe yake.