Nilivyomwomba sapulaya anitumie bei kwenye Excel badala ya PDF iliyofungwa

Nina duka la vifaa vya mabomba hapa Mbeya, upande wa Mwanjelwa, na mzigo mkubwa nachukua kwa sapulaya wa Dar. Bei zikibadilika anatuma katalogi, kurasa zaidi ya 40, PDF nzuri ina picha na logo, ila imefungwa. Ukiifungua kwenye kompyuta juu pale inaandika (SECURED), unasoma na kuprinti bila shida lakini ukitaka kukopi hata mstari mmoja inagoma. Sasa mimi nahitaji kujua kipi kimepanda na kipi kimeshuka, halafu niongeze VAT na nauli ya lori ndo nipange bei ya dukani. Kuchapa upya bidhaa mia tisa na kitu kwa mkono, hapana, ukikosea sifuri moja kwenye koki umeshauza kwa hasara.

Wapo wanaoniambia kuna tovuti zinafungua PDF dakika moja tu. Najua, ila bei za jumla za mtu unazipakia kwa watu usiowajua, na huyu sapulaya ananipa mali kauli, akija kujua nimevunja kufuli lake atanionaje?

Nilianza kwa kijana wa mauzo watsapu, akajibu "bosi katalogi ndo hiyohiyo". Nikaona yeye hana mamlaka, kwa hiyo nikaandika imeili kwa meneja wake na yeye nikamweka kwenye kopi, tena nikamtaja kwa wema mwanzoni kabisa asione nimemshtakia. Kabla ya kuandika nilijiuliza wanafunga kwa nini, jibu si gumu, wanaogopa mtu abadilishe namba halafu aje aseme "mbona mliniandikia elfu nane". Basi barua ikaanzia kwenye hiyo hofu yao, shida zangu zikafuata nyuma:

"Ndugu Meneja Mauzo, habari za kazi. Nashukuru kwa katalogi mpya, kijana wako ametuhudumia vizuri kama kawaida. Naomba, kama inawezekana, mnitumie bei hizohizo kwenye faili la Excel (.xlsx), safu nne tu zinanitosha: namba ya bidhaa, jina na saizi, kipimo cha kuuzia, na bei. Picha na gharama zenu za ndani sizihitaji. Nataka kulinganisha na bei za zamani ili oda yangu itoke mapema. Faili hilo nitalitumia dukani kwangu tu, na pakitokea tofauti yoyote, bei halali ni ile ya PDF yenu. Naomba pia kujua kama bei zina VAT ndani au bado. Asante sana."

Hiyo sentensi ya bei halali naamini ndo ilifungua mlango. Na zile safu nne zina maana yake, ukiomba "nitumie Excel" tu mtu anawaza faili lao la ndani lenye faida zao, lazima asite, lakini ukimtajia safu anajua ni kazi ya kutoa ripoti kwenye sistimu yao na kufuta yasiyokuhusu.

.xlsx niliitaja makusudi maana CSV ukiifungua Excel kwa kubofya tu inakula sifuri za mbele, namba ya bidhaa 00415 inageuka 415, halafu ukitafuta bei ya zamani kwenye shiti la Zamani kwa fomula hii

```
=VLOOKUP(A2,Zamani!A:D,4,FALSE)
```

inakuletea #N/A wakati bidhaa ipo.

Walinijibu, VAT haijawekwa, faili hili hapa. Nalo shiti wamelifunga haha, ila linaruhusu kuchagua na kukopi, nikahamishia kwenye shiti langu yakaisha. Tatizo likawa baadhi ya bei zimeandikwa 850/=, hiyo kwa Excel ni maneno siyo namba, ukizidisha inaleta #VALUE!, nikatumia Find and Replace kufuta /= zote. Hapo elbo ya PPR ya 850 nikaizidisha kwa 1.18 ikaja 1,003, nauli juu yake, nikashusha fomula mpaka chini.

Kabla ya kutuma oda nilichukua zile bidhaa zinazotoka sana nikazikagua moja moja na PDF. Geti valvu ya inchi moja kwenye Excel ilikuwa 14,500, PDF inasema 15,000. Nikampigia yule kijana, akacheki akasema Excel ilibaki na bei ya nyuma, nikaweka 15,000 kwenye oda kama nilivyoahidi.