Sebule moja, vizazi vitatu

Tangu Baba na Mama mkwe wahamie kwetu Dar es Salaam kutoka Ngamiani, Tanga, tumekuwa watu saba: wao wawili, mimi na mume wangu, na watoto watatu. Vyumba vya kulala vinatosha. Sebule ndiyo iliyotuzidi. Leo Jumapili nyumba imetulia, nikaona niandike namna tulivyoipanga upya, maana najua hatuko peke yetu.

Kwanza nieleze wakwe zangu walikotoka. Nyumba yao ya Ngamiani ni ile ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, kisha uani nyuma. Baba alikaa barazani na wageni wake. Mama alikuwa uani na ungo wake wa mchele na ukili wake wa kusuka. Wajukuu walicheza ukumbini, humo humo upepo ukipita toka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Watu walikuwa wengi kuliko sisi, lakini kila mmoja alikuwa na mahali pake kwa saa yake.

Nyumba yetu ni ya kisasa, na humo baraza, ukumbi na uani vyote vimesukumwa ndani ya chumba kimoja. Mlango wa nje unafungukia sebuleni, wa jikoni unatokea sebuleni, na korido ya vyumba inaanzia sebuleni. Chumba chenyewe kina urefu wa mita 4.2 na upana wa 3.6. Ndani yake tulikuwa na makochi ya seti nzima yaliyozunguka kuta zote, na meza kubwa ya kioo katikati.

Niligundua kwamba uzito wa chumba ulitokana na kupita zaidi kuliko kukaa. Mtoto akitoka chumbani kwenda jikoni anapita kati ya Babu na televisheni, anainama, anasema "naomba kupita, Babu". Dakika mbili baadaye anarudi na maji, anainama tena. Mimi mkamwana nikitoka jikoni na sinia ni hivyo hivyo, tena na aibu juu yake. Jioni moja nikachukua chaki ya watoto nikachora sakafuni njia zote tunazopita. Karibu mistari yote ilikutana mahali pamoja: mbele ya miguu ya Baba, kando ya ile meza ya kioo.

Milango yote mitatu iko upande wa mashariki au karibu nao, na hiyo ndiyo iliyotuokoa. Tuliacha ukanda wa sentimita 80 ukutani upande huo, kutoka mlango wa nje hadi korido, usiwekwe kitu hata kiatu. Sentimita 80 zinamtosha Mama na mkongojo wake, na mtu mwenye sinia hapati shida. Kisha tukafanya jambo ambalo jirani alilishangaa: kochi la watu watatu tulilivuta likatoka ukutani, likawekwa katikati, mgongo wake ukiutazama ule ukanda na uso wake ukielekea televisheni ukuta wa magharibi. Anayepita sasa anapita nyuma ya waliokaa. Mgongo wa kochi umekuwa ukuta mfupi, na nyuma yake tumepata ukumbi.

Ili jambo hilo liwezekane, ilibidi kochi la watu wawili na meza ya kioo viuzwe. Mume wangu alisita kidogo kwa sababu seti ilikuwa kamili. Lakini kochi letu lina kina cha sentimita 90, na ukitoa hizo pamoja na ukanda wa njia, kati ya kochi na ukuta wa televisheni inabaki chini kidogo ya mita 2. Hapo tumetandika mkeka na mito, na hapo ndipo watoto wanapokaa. Mtoto akikaa chini hamzibi mtu aliyeko kwenye kochi, kwa hiyo watu watano wanatazama kitu kimoja bila kusogezana. Chai tunaweka kwenye vistuli vinavyoingiana, vikishamaliza kazi vinarudi pembeni.

Kochi lina urefu wa mita 2.1, nusu ya chumba kamili. Nusu ya pili, upande wa kusini penye dirisha la barabarani, ni baraza la Baba. Kiti chake ni cha mbao chenye mikono, cha kimo cha sentimita 45 hivi, na godoro lake ni gumu. Makochi laini yanazamisha nyonga chini ya magoti, na mzee anashindwa kunyanyuka bila kuvutwa. Kumvuta Baba mbele ya wageni ni kumvunjia heshima. Pembeni yake kuna benchi fupi. Mzee mwenzake akibisha hodi anamkuta hapo hapo, wanaongea wakiangalia njia, na aliye na kanga moja jikoni hana haja ya kukimbia kujisitiri.

Saa zimejigawa zenyewe kwa kiasi kikubwa. Baba akienda msikitini Magharibi mara nyingi hukaa hadi Isha, na muda huo sebule ni ya watoto na madaftari yao, televisheni imezimwa. Saa 2 usiku taarifa ya habari, hapo ni zamu ya Baba na mume wangu. Mama anaipenda asubuhi, wote wakishatoka: anavuta kiti chake mlangoni mwa jikoni, anachagua mchele, nami napika, tunaongea.

Joto lilinifundisha kitu kingine. Mwili wa mtu aliyetulia unatoa joto la wati 100 hivi, kwa hiyo saba tukikaa pamoja ni kama kuwasha balbu saba za zamani chumbani. Pangaboi linazungusha hewa ile ile, halipunguzi joto lake. Madirisha yetu ni ya aluminiamu ya kuteleza, na dirisha la namna hiyo hata ukilifungua lote nusu yake inabaki imezibwa na kioo. Kusi ikivuma inaingia kwa Baba vizuri, ila haina pa kutokea mpaka mlango wa korido na dirisha la mwisho wa korido viachwe wazi. Tukisahau hivyo viwili, ndani ya nusu saa watoto wanaanza kugombana juu ya mto, na ninajua sababu si mto.

Kelele bado hatujaimaliza. Sikio la Baba limepungua, na vigae na kuta tupu zinairudisha sauti. Pazia zito na busati chini ya mkeka vimesaidia. Kilichosaidia zaidi ni spika ndogo tuliyoiweka begani mwa kiti chake; anasikia habari bila televisheni kupandishwa, na binti yangu mkubwa anaendelea kusoma chumbani.

Linalobaki ni mchana. Baba hupenda kujinyoosha kwenye kochi baada ya chakula, na watoto hutoka shule katikati ya usingizi wake. Kitanda chake kiko tayari chumbani, lakini anasema kule hasikii watu. Kwa hiyo mdogo anavulia viatu nje, anapita ukanda wake hadi jikoni kula, na Babu akishaamka ndipo mkeka unakuwa wake.