Sikio Safi la Mzee wa Kibuye

Miaka ile nilikuwa afisa wa kliniki katika idara ya masikio, pua na koo mjini Kisumu, nikifanya kazi chini ya daktari bingwa mmoja aliyetutaka tueleze kila tulichokiona kabla ya kutaja ugonjwa. Asubuhi moja aliingia fundi cherehani wa soko la Kibuye, mzee aliyekaribia miaka sitini, ameshika sikio la kushoto kwa kiganja. Alikuwa ameumwa kwa wiki kadhaa, na tayari alikuwa amemaliza chupa mbili za dawa ya matone alizonunua katika duka la dawa.

Nilipochungulia kwa otoskopu, mfereji wa sikio ulikuwa mkavu, bila uvimbe wala usaha, na ngoma ya sikio ilikuwa ya kijivu inayong'aa, na mwanga wa kifaa ukiakisi mahali pake pa kawaida. Nilivuta ndewe, nikabonyeza kile kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, naye hakushtuka. Mfereji ulioambukizwa haustahimili kuguswa hivyo. Alisikia vizuri masikio yote mawili.

"Mzee, sikio lako ni zima," nikamwambia.

"Daktari, usiku silali. Nitasemaje ni zima?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana maumivu yake yalikuwa ya kweli. Nilimweleza kwamba neva zinazohudumia sikio zinahudumia sehemu nyingine pia. Tawi la neva ya tano ya ubongo linaloleta hisia za meno ya chini na kiungo cha taya ndilo linalofika mbele ya sikio. Neva ya tisa huhudumia mafindofindo na nyuma ya ulimi, lakini pia hufika katika sikio la kati, na ya kumi huunganisha zoloto na sehemu ya mfereji. Ubongo ukipokea maumivu kwa njia hizo, unaweza kuyaweka sikioni ilhali chanzo kiko kwingine.

Bingwa alinitaka nianze na koo, na hadi leo naona mpango huo ni sahihi. Mzee alikuwa amevuta sigara tangu ujana, na kwa mtu wa umri huo maumivu ya sikio la upande mmoja, sikio lenyewe likiwa safi, huweza kuwa dalili ya kwanza ya saratani ya koo au ya nyuma ya ulimi. Nilimuuliza kama anapata shida kumeza, kama sauti imekwaruza, kama amepungua uzito, yote akakana. Nilipapasa shingo pande zote nikitafuta tezi ngumu, nikabonyeza ulimi kwa kidole chenye glavu hadi nyuma, kisha bingwa akapitisha kamera nyembamba puani na kuangalia hadi kwenye zoloto. Hatukuona kidonda wala uvimbe.

Taya nililipima haraka. Alifungua kinywa kwa upana wa vidole vitatu bila kukwama, na kiungo kilicho mbele ya sikio hakikuuma nilipokibonyeza akitafuna hewa.

Ndipo nilipomuuliza kuhusu chai. Alisema chai ya moto huamsha maumivu yale, na kwamba usiku huweka maji baridi kinywani ndipo apate nafuu, ila hakuwahi kulitaja jambo hilo kwa kuwa jino halikumuuma. Nadhani jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko vipimo vyote vya asubuhi ile: jino ambalo kiini chake kinakufa huchokozwa na joto na mara nyingine hutulizwa na baridi. Nikagonga magego kwa mpini wa kioo cha meno, moja baada ya jingine. Gego la pili la chini, upande wa kushoto, lililozibwa zamani, lilimfanya aruke na kushika sikio.

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa meno. Picha ya eksirei ilionyesha uozo chini ya kizibo, umefika kwenye kiini. Alipopigwa sindano ya ganzi ya taya, mdomo ulikufa ganzi na sikio likanyamaza papo hapo. Hata hivyo, daktari wa meno alinionya nisiitegemee ganzi peke yake, kwa sababu dawa inaweza kusambaa hadi kwenye tawi la sikio lenyewe. Ushahidi ulikuwa picha, kule kugonga, na joto la chai. Gego lilikuwa limebomoka kiasi cha kutotibika mzizi, likang'olewa.

Wiki chache baadaye mzee alirudi, usingizi umerejea na sikio halimuumi. Hata hivyo nilipapasa shingo yake tena na kumwomba afungue kinywa, kwa kuwa mvutaji sigara anaweza kuwa na jino bovu na ugonjwa wa koo kwa wakati mmoja. Shingo ilikuwa laini, koo safi. Nilimwambia kwamba maumivu yakirudi katika sikio lile, hata kidogo, asinunue matone, bali aje tuangalie koo upya.