Wasifu wangu umerudi na wino mwekundu

Jana nilimpelekea mkuu wa shule mmoja mstaafu wasifu ninaoombea kazi ya ualimu shule nyingine. Nilipoandika "ufaulu mzuri wa Kemia" akapapiga mstari, akauliza: mzuri kiasi gani? Tukafungua matokeo ya wanafunzi wangu wa kidato cha nne: mikondo miwili, watahiniwa 135, F 34. Ukihesabu na D, waliofaulu ni 101, ila wenye C kwenda juu ni 43 tu. Akasema niandike zote mbili, na pembeni C za mwaka kabla sijalipokea somo: 19 kati ya 128. "Majukumu mengine" yakawa msimamizi wa maabara na mlezi wa bweni, wavulana 90. Bweni nilikuwa nimelisahau kabisa, na shule ninayoomba ni ya bweni!